Uzi: 0x00 na 0xFF zinapotea kwenye laini yenye transfoma. Nihamie Manchester au 4B5B?

Fundi_Mpechi

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninasimamia mradi mdogo wa maji ya kijiji huku Njombe. Tangi liko juu ya kilima, pampu iko bondeni, na kati yao nimevuta jozi moja ya waya wa simu yenye urefu wa takriban mita 600. Kwa kuwa radi za huku haziombi hodi, nimeweka transfoma ya sauti, ile ya 600 kwa 600, kila upande, ili bodi ya tangini na bodi ya pampu zisiunganishwe na waya moja kwa moja.

Bodi ya tangini hupima kina cha maji na kukituma kama baiti moja kupitia UART, kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde. Namba 0 ni tangi tupu na 255 ni tangi lililojaa. Upande wa pampu, baada ya transfoma, kuna kichujio cha koili na kapasita cha hatua tatu kinachokata masafa yaliyo juu ya hezi 3,400, kwa sababu kelele za mota zilikuwa zinanisumbua. Baada ya kichujio ipo kompareta, kisha maikrokontrola.

Vipimo vyote vya katikati vinafika salama. Tangi likijaa kabisa au likikauka kabisa, yaani kwenye 0xFF na 0x00, ninapokea takataka. Hizo ndizo nyakati mbili ambazo pampu inahitaji kuambiwa ukweli. Nimeazima osiloskopu na kuangalia. Baiti ya 0x55 inaonekana kama ngazi nzuri za kupanda na kushuka. Baiti ya 0x00 inashuka vizuri mwanzoni, halafu mstari unaanza kurudi taratibu kwenye sifuri, na kabla biti hazijaisha tayari umelala kwenye sifuri ukitetemeka na kelele. Nimesoma kwamba dawa ni kubadili usimbaji wa laini, lakini sijui nichague upi.

Mlinzi_wa_Pakiti

Ndugu Fundi, usimbaji ni jambo zuri, lakini kwa laini ya mita 600 ndani ya kijiji sidhani kama kuna mtu atakayekaa kusikiliza kina cha tangi. Ukitaka kweli kuficha data, tumia AES ya biti 128, ipo maktaba nyepesi inayotosha kwenye maikrokontrola ndogo. Ufunguo uuhifadhi ndani ya kumbukumbu ya bodi zote mbili.

Kibodi_Moja

Mkuu hapo juu, hajauliza habari za kuficha. Fundi, tumia Manchester na utasahau kabisa tatizo hilo. Kila biti inakuwa na mgeuko katikati, kwa hiyo hakuna kulala kwenye sifuri, na saa inajipata yenyewe bila wewe kufanya lolote. Hasara yake ni moja tu, inahitaji upana wa masafa mara mbili, lakini kwa mita 600 hilo halikuhusu. Kaa hapo hapo kwenye 4,800, badilisha programu tu.

Saa_ya_Laini

Ndugu Mlinzi, kosa si lako, lugha yetu imelitwika neno moja mizigo miwili. Usimbaji anaouzungumzia Fundi hauna siri yoyote ndani yake. Ni namna ya kuchora biti kama volti juu ya waya, ili waya uweze kuzibeba na mpokeaji aweze kujua kila biti inaanzia wapi.

Fundi, picha uliyoielezea ni tabia ya transfoma. Transfoma haipitishi volti iliyosimama, inapitisha volti inayobadilika. Ikiwa yako inaanzia hezi 300, basi volti iliyotulia hufifia hadi kubaki asilimia 37 kila baada ya milisekunde 0.53. Sasa hesabu baiti ya 0x00 kwenye UART. Kuna biti ya kuanzia ambayo ni sifuri, kisha sifuri nane, jumla biti tisa zisizo na mgeuko hata mmoja. Kwa kasi ya 4,800 hizo ni milisekunde 1.875, na mwisho wake imebaki takriban asilimia 3 ya volti uliyoanza nayo. Kompareta haina cha kulinganisha. Kwa 0x55 mgeuko unakuja kila maikrosekunde 208, na ndani ya muda huo volti haijashuka chini ya theluthi mbili. Ndiyo maana ile inapita na hii haipiti.

Ushauri wa Manchester una msingi, ila usikimbilie kubaki kwenye 4,800. Laini yako ina sakafu na ina dari pia. Kwanza jaribu, kisha tuletee alichokuonyesha osiloskopu.

Mzee_wa_Microwave

Vijana, mnampeleka mbali. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya mawasiliano kwa miaka mingi, na tatizo hili linatibika kwa kompareta yenye vizingiti viwili. Mpe kizingiti cha juu na cha chini vilivyoachana vya kutosha. Mgeuko ukifika, kompareta inahama upande na kubaki huko huko hadi mgeuko wa kinyume uje, hata kama volti imefifia kuwa sifuri. Inakumbuka. UART yako ibaki vilevile, wala huandiki mstari mmoja wa programu.

Fundi_Mpechi

Nashukuru nyote. Nimeanza na Manchester kwa sababu ni programu tu, na kupanda kilimani na chuma cha kulehemia si kazi ya jioni.

Jambo lililonishangaza ni hili. Kwa biti 4,800 za Manchester kwa sekunde, vipimo vya katikati vinapita kwa kusitasita, lakini 0x00 na 0xFF bado hazipiti, zilezile mbili. Ila safari hii mstari haulali kwenye sifuri. Unaonekana kama mawimbi madogo ya mviringo, yenye kimo cha kama theluthi ya kile cha 0x55. Nimebadilisha usimbaji wote na ugonjwa umebaki kwenye baiti zilezile. Je, tatizo si usimbaji?

Saa_ya_Laini

Nilitaka ulione hilo kwa macho yako, kwa sababu maelezo ya mdomo hayakai kichwani kama picha. Baiti ni zilezile, lakini sababu imegeuka kichwa chini miguu juu. Mwanzo 0x00 ilikuwa polepole mno kwa transfoma. Sasa 0x00 ni ya haraka mno kwa kichujio chako.

Tazama Manchester inavyochora. Kila biti ina mgeuko katikati, na kwa utaratibu wa Ethaneti 1 hupanda na 0 hushuka. Ukituma 0 baada ya 0, laini lazima irudi juu mpakani mwa biti ili iweze kushuka tena katikati ya biti inayofuata, kwa hiyo unapata migeuko miwili kwa kila biti na wimbi moja zima kwa kila biti. Kwa kasi ya 4,800 hilo ni wimbi la hezi 4,800. Ukituma 1 na 0 kwa kupokezana, laini haina haja ya kurudi mpakani, unabaki na mgeuko mmoja kwa biti, na wimbi lake ni la hezi 2,400. Kwa hiyo baiti zako zilizokuwa tulivu kabisa kwenye UART ndizo zenye vurugu kubwa kabisa kwenye Manchester. Kichujio cha hatua tatu kinachokata kwenye 3,400 kitaibakisha hezi 4,800 na kimo cha karibu theluthi moja, na hicho ndicho ulichokiona.

Hapa pia nimrekebishe ndugu Kibodi kidogo. Ni kweli kwamba Manchester inahitaji mara mbili, lakini mara mbili ya nini? Biti zikichorwa moja kwa moja bila usimbaji, wimbi la haraka kuliko yote hutokea kwenye 0101, na masafa yake ni nusu ya kasi ya biti. Kwenye Manchester wimbi la haraka kuliko yote lina masafa sawa na kasi ya biti. Ndiyo maana 10BASE-T ina alama milioni 20 kwa sekunde, lakini wimbi lake la msingi halizidi megahezi 10. Wengi husoma ile 20 wakadhani waya lazima upitishe megahezi 20 ili data ieleweke.

Kibodi_Moja

Nimekuelewa, Dada, na nakubali. Basi dawa ni kupunguza kasi. Fundi, shuka hadi biti 300 kwa sekunde na ulale usingizi. Tangi halijai kwa sekunde moja.

Saa_ya_Laini

Hapana, na hapo ndipo sakafu inaporudi. Kwa biti 300 za Manchester, muda mrefu kuliko yote bila mgeuko ni biti moja nzima, yaani milisekunde 3.3. Tumeona transfoma inafifisha volti kwa kiasi gani ndani ya milisekunde 1.9. Utakuwa umerudi kulekule ulikotoka, isipokuwa sasa zitakazopotea ni baiti zenye kupokezana kama 0x55, na 0x00 zitafika vizuri zaidi.

Fundi, weka 2,400. Mawimbi yako yatakaa kati ya hezi 1,200 na 2,400, mbali na sakafu ya 300 na chini ya dari ya 3,400. Muda mrefu bila mgeuko utakuwa maikrosekunde 417, na hata mwishoni mwake volti imebaki karibu asilimia 45 ya ilivyokuwa mara tu baada ya mgeuko. Hiyo inatosha kwa kompareta. Ukishuka hadi 1,200 unabaki na asilimia 20 tu, kwa hiyo polepole zaidi si salama zaidi.

Geti_433

Samahani kwa kuingilia, mimi nina kisa changu kinachofanana. Ninafunga mageti ya umeme hapa Mombasa kwa vipokezi vile vidogo vya redio vya megahezi 433. Zamani nilikuwa natuma biti 32 mfululizo bila usimbaji, na mpokeaji alipata saa yake kwenye mgeuko wa kwanza, kisha akahesabu mwenyewe hadi mwisho. Asubuhi geti linafunguka, saa saba mchana halifunguki, jioni linafunguka tena. Nilibadilisha betri za rimoti, nikabadilisha antena, sikuona tofauti.

Siku moja nilishika kasha la chuma lililo juani, nikaondoa mkono upesi. Maikrokontrola ile ilikuwa inatumia saa yake ya ndani isiyo na kioo cha kwatzi, na joto lilikuwa linaivuta. Kosa la asilimia 2 likijumlishwa kwa biti 32 ni asilimia 64 ya biti moja, kwa hiyo biti za mwisho nilikuwa ninazisoma nje ya nafasi zake. Nilipohamia Manchester na kuanza kupima muda kutoka mgeuko hadi mgeuko, tatizo la mchana likaisha. Sijui kama Fundi anatumia kioo au saa ya ndani.

Saa_ya_Laini

Kisa chako kimegusa nusu ya pili ya jambo hili, asante. Fundi, kama na wewe unatumia saa ya ndani, hesabu zinakwenda hivi. UART hujipanga mara moja tu kwenye biti ya kuanzia, na lazima ifike katikati ya biti ya mwisho, biti 9.5 baadaye, ikiwa haijapotea kwa zaidi ya nusu biti. Hiyo ni kama asilimia 5 kwa saa zote mbili zikijumlishwa, na ukiondoa kuyumba kwa migeuko unabaki na pungufu ya hapo. Manchester ikisomwa kwa kupima vipindi ina aina mbili tu za vipindi, kifupi cha nusu biti na kirefu cha biti nzima. Ukiweka mpaka kwenye robo tatu ya biti, saa zenu zinaweza kutofautiana kwa karibu asilimia 25 kabla kirefu hakijaonekana kifupi. Kila mgeuko unaanza hesabu upya, kwa hiyo kosa halijumlishwi, hata pakiti iwe ndefu kiasi gani.

Sehemu ya kupokea ni fupi, na kwa 2,400 mpaka wako ni maikrosekunde 312:

```c
dt = sasa - mgeuko_wa_mwisho;      /* us */
mgeuko_wa_mwisho = sasa;
if (dt < 312) nusu = !nusu;        /* kipindi kifupi */
else nusu = 0;                     /* kirefu: katikati ya biti */
if (!nusu) pokea_biti(kiwango);    /* kiwango baada ya mgeuko */
```

Kipindi kirefu kina ushuhuda ambao kifupi hakina. Kirefu daima huenda kutoka katikati ya biti hadi katikati ya biti, kwa hiyo kinapotokea unajua kwa hakika ulipo. Kifupi hakikuambii hilo.

Fundi_Mpechi

Natumia saa ya ndani, kwa hiyo somo la ndugu wa mageti limenigusa moja kwa moja. Nimeweka 2,400 na mistari yako. Mawimbi sasa yana kimo kizuri kwa baiti zote, nimeridhika kabisa na picha. Lakini 0xFF inafika kama 0x00! Vipimo vya katikati, na 0x00 pia, viko sahihi baada ya baiti moja au mbili za mwanzo kuharibika. Nimegeuza nyaya mbili za laini nikidhani zimepishana, vikawa vya katikati ndivyo vilivyogeuka. Nimezirudisha. Pakiti yangu inaanza na 0xFF mbili za kuamsha mpokeaji, kisha kipimo, kisha baiti ya uhakiki.

Saa_ya_Laini

Badilisha hizo 0xFF mbili, ziwe 0xAA tatu au nne, na baada yake weka baiti moja ya alama inayovunja mfululizo huo, ili ujue dibaji imeishia wapi.

Sababu ni hii. 0xFF kwenye Manchester ni migeuko kila nusu biti, na 0x00 ni migeuko kila nusu biti vilevile. Tofauti yao ni nusu biti ya kusogea, basi. Mpokeaji anayeanza kusikiliza hapo hawezi kujua kama mgeuko alioukamata ni wa katikati ya biti au wa mpakani, na akikosea anasoma kila kitu kinyume kwa utulivu kabisa, bila dalili yoyote ya kosa. Anaendelea hivyo hadi kipindi kirefu cha kwanza kitakapokuja kumsahihisha. Kipimo chako kikiwa 0xFF baada ya dibaji ya 0xFF, kipindi kirefu hakiji. Ndiyo maana vile vingine vilijirekebisha na 0xFF haikujirekebisha. Kwa hiyo ile kauli kwamba saa ya Manchester inajipata yenyewe ina sharti lake. Migeuko ipo daima, lakini maana ya mgeuko haipo daima.

Walioandika Ethaneti ya megabiti 10 walilijua hili. Kila fremu hutanguliwa na biti 56 za 1 na 0 zinazopokezana, zikifuatiwa na baiti inayoishia na 1 mbili mfululizo, na ile pea ya 1 ndiyo inayosema data inaanza sasa. Wakati wa dibaji waya unabeba wimbi la megahezi 5 lenye mgeuko katikati ya kila biti tu. Hakuna wa mpakani wa kumchanganya mpokeaji.

Ongeza na hili. Dibaji ikishapita, kipindi kirefu kikitokea wakati `nusu` ni 1, mpokeaji alikuwa amekosea mahali, kwa hiyo tupa pakiti yote. Ni ukaguzi wa bure.

Mwanafunzi_wa_Mitandao

Mwalimu, naomba kuuliza, ingawa si kuhusu tangi. Ikiwa Manchester ni imara hivi, kwa nini haikuendelea kutumika kwenye Ethaneti ya megabiti 100? Na hiyo 4B5B iliyo kwenye kichwa cha uzi inaingia wapi?

Saa_ya_Laini

Swali lako linahusu tangi kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitajibu kupitia tangi.

Msimbo wa vifungu wa 4B5B huchukua biti nne na kuzibadilisha kwa jedwali kuwa biti tano. Vifungu vya biti tano viko 32, data inahitaji 16 tu, kwa hiyo waliotunga walichagua vile vyenye 1 za kutosha. Hakuna kifungu cha data kinachoanza na sifuri zaidi ya moja wala kuishia na zaidi ya mbili, hivyo hata ukivipanga vipi hupati sifuri zaidi ya tatu mfululizo. Kisha unavichora kwa kanuni ya NRZI, ambapo 1 hugeuza laini na 0 huiacha ilivyo. Gharama ni robo moja ya ziada, wakati Manchester inadai mara mbili.

Kwa Fundi, biti 4,800 za data zinakuwa alama 6,000 kwa sekunde. Wimbi la haraka kuliko yote, pale kila alama inapogeuza laini, ni la hezi 3,000, nalo linapita chini ya dari ya 3,400. Maana yake ndani ya laini ileile angepata data mara mbili ya ile ya Manchester. Angelipa kwenye sakafu. Muda mrefu bila mgeuko ni alama nne, maikrosekunde 667, na volti itakuwa imeshuka hadi chini ya asilimia 30. Uvumilivu wa saa nao unapungua, kwa sababu sasa lazima atofautishe kipindi cha alama tatu na cha alama nne, na kosa la asilimia 12.5 ndani ya alama nne tayari ni nusu alama.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana upesi. Chukua kipimo cha 0xFF. Kifungu cha F ni 11101. Anza laini ikiwa juu: 1 inashusha, 1 inapandisha, 1 inashusha, 0 inaiacha chini, 1 inapandisha. Umekuwa chini alama tatu na juu alama mbili, na umerudi juu kama ulivyoanza, kwa hiyo F ya pili itarudia vilevile, na ya tatu, na ya mia. Laini inainama upande mmoja kwa uwiano wa 60 kwa 40. Nimevipitia vifungu vyote 16 kwa kalamu, na kila chenye idadi shufwa ya 1 kina mwinamo huo, hakuna kinachozidi hapo. Manchester haina mwinamo hata kidogo, kwa sababu kila biti ni nusu juu na nusu chini.

Sasa zidisha kasi kufikia megabiti 100. Manchester ingetaka wimbi la megahezi 100 kwenye waya wa shaba usio na ngao, wakati waya wa Kategoria ya 5 wenyewe umepimwa hadi megahezi 100 tu, na uvujaji wa mawimbi nje ya waya ungekuwa mkubwa. Kwa 4B5B ni alama milioni 125 kwa sekunde, na NRZI ingeishia megahezi 62.5. Bado hawakuridhika, wakatumia MLT-3, ambayo kila 1 inasogeza laini hatua moja katika mzunguko wa sifuri, juu, sifuri, chini. Wimbi moja sasa linahitaji alama nne, na wimbi la msingi linashuka hadi megahezi 31.25.

Mzee_wa_Microwave

Maelezo mazuri, lakini umeruka jambo moja. Kwenye 100BASE-TX, baada ya 4B5B data hupitishwa kwenye skrambla kabla ya kufika MLT-3. Zile sifuri tatu ulizozihesabu hazina dhamana tena.

Saa_ya_Laini

Ni kweli, Mzee, na nashukuru kwa kulisema. Laini ikiwa haina kazi hutumwa 11111 bila kukoma, na bila skrambla hilo lingekuwa wimbi safi la megahezi 31.25 likirushwa hewani mchana na usiku. Skrambla hulitawanya. Ila inayatawanya na yale mema, hivyo mfululizo mrefu usio na mgeuko unaweza kutokea, na kuna watu walitengeneza pakiti za makusudi zinazokubaliana na mfuatano wa skrambla ili kuyumbisha mstari wa katikati na kuwajaribu wapokeaji. Faida ya 4B5B iliyobaki hapo ni vifungu vya ziada, vile vinavyotangaza mwanzo na mwisho wa fremu.

Mzee_wa_Microwave

Na niwakumbushe kwamba mara mbili au robo si sheria ya mbinguni. Laini za E1 za megabiti 2.048 zinatumia HDB3, ambayo haiongezi hata biti moja. Kila sifuri nne zinazofuatana hubadilishwa kwa alama inayovunja utaratibu wa kupokezana kwa chanya na hasi, mpokeaji anaitambua kwa uvunjaji huo na kuirudisha kuwa sifuri. Malipo yake ni viwango vitatu vya volti. Na bado ninasema kompareta yangu ya vizingiti viwili ingemaliza kazi hii tangu siku ya kwanza.

Saa_ya_Laini

Mezani ingemaliza, sipingi. Wasiwasi wangu ni mota ya pampu. Kompareta inayokumbuka mgeuko wa kweli itakumbuka pia mgeuko wa uongo, na kwenye 0x00 hakuna mgeuko mwingine wa kuisahihisha kwa biti tisa. Kwenye Manchester kosa la namna hiyo linaonekana papo hapo kama kipindi kisicho na kipimo halali.

Mzee_wa_Microwave

Baiti ya uhakiki anayo. Pakiti ikiharibika ataitupa, na sekunde kumi baadaye inakuja nyingine. Hatutakubaliana hapa, binti yangu, na si vibaya.

Fundi_Mpechi

Nimeleta mrejesho. Dibaji sasa ni 0xAA nne na baiti ya alama, kasi ni 2,400, Manchester. Kwa siku tatu 0xFF na 0x00 zimefika zote, asubuhi na usiku wa baridi. Jana tangi lilijaa, na pampu ikajizima yenyewe nikiwa nimesimama pembeni yake. 4B5B nimeiacha, kwa sababu kutuma baiti chache kila sekunde kumi hakunidai kasi, na jedwali lake na kutafuta mwanzo wa kifungu ni kazi nisiyoihitaji kwa sasa.

Limebaki moja. Karibu kila mota inapowaka, pakiti ya wakati huo inatupwa na ukaguzi wa `nusu`. Sijui kama ni kelele ya mota kwenye laini au ni umeme wa bodi yangu unaoyumba na kuvuta saa ya ndani.

Saa_ya_Laini

Vipindi vyenyewe vitakuambia. Hifadhi thamani za `dt` za pakiti inayotupwa. Ukikuta moja au mbili za maikrosekunde 50 au 80 katikati ya nyingine zilizo sawa, hiyo ni kelele iliyopita kwenye kichujio. Ukikuta zote zimerefuka au zimefupika kwa uwiano mmoja, 208 zimekuwa 150 na 417 zimekuwa 300, hapo ni saa yako, na laini haina kosa.

Fundi_Mpechi

Umeme wa kijiji umekatika tangu mchana. Ukirudi nitawasha mota mara tano na kuzileta hapa zote.